Uniti Nne, na Damu Imepungua: Karatasi ya Muhtasari ya Kijana wa Buhongwa

Kijana wa miaka 19, mkazi wa Buhongwa hapa Mwanza, alifikishwa wodini kwetu Ijumaa alasiri akiwa na barua ya rufaa yenye mistari michache tu: ana seli mundu, ana upungufu mkubwa wa damu, ameongezewa uniti nne bila kupata nafuu, tafadhali aongezewe nyingine. Macho yake yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea. Himoglobini, kile kipimo ambacho wodini tunakiita wingi wa damu, ilikuwa gramu 3.9 kwa desilita. Siku 13 kabla ya hapo, hajaongezewa hata tone, ilikuwa 4.9.

Msomaji asiye mtaalamu na auone utata huu. Kwa mtu mzima, uniti moja kwa kawaida huinua himoglobini kwa takribani gramu moja kwa desilita, na kijana huyu alikuwa na kilo 44 tu, hivyo ilitarajiwa ipande zaidi ya hapo. Uniti nne zimeingia, na damu iko chini kuliko ilivyokuwa mwanzo. Hakuna kidonda kinachovuja, hakuna choo cheusi. Damu imekwenda wapi?

Daktari aliye kwenye mafunzo ya vitendo alikuwa tayari ameshaandika fomu ya kuomba uniti mbili. Nilimwomba aiweke pembeni kwa muda wa saa moja, kwa kuwa mgonjwa alikuwa akipumua vizuri na akizungumza, tukae na yale mafaili tuyageuze kuwa karatasi moja. Makala haya ni maelezo ya kazi hiyo ya saa moja. Hospitali iliyompa damu mwanzo sitaitaja, na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha mgonjwa nimeyabadili.

Karatasi yenyewe ni nyepesi. Kila uniti hupewa mstari wake. Si kila siku ya kulazwa, wala si kila wodi. Katika mstari huo huandikwa namba ya mfuko, aina ya damu, muda ilipotoka kwenye jokofu la maabara, muda ilipoanza kuingia mwilini, muda ilipokoma, na kiasi kilichoingia. Baada ya hapo hufuata vipimo vya uangalizi, yaani joto, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu: kabla ya kuanza, dakika 15 baada ya kuanza, kila saa damu inapoendelea kuingia, inapomalizika, na mara moja tena zikipita saa nne tangu imalizike. Mwisho ni nafasi ya madhara: dalili gani, ilitokea dakika ya ngapi tangu damu ianze, na nini kilifanyika. Damu inapaswa kuanza ndani ya dakika 30 tangu itoke kwenye jokofu, na kumalizika ndani ya saa nne tangu ianze. Kwa sababu hiyo nyakati zile tatu zinahitajika kila moja kwa nafasi yake. Mtu akiandika tu "amepewa uniti moja Jumanne", hakuna kinachoweza kupimwa.

Ugumu haumo katika kuchora mistari. Umo katika ukweli kwamba habari za uniti moja huwa zimetawanyika katika sehemu nne au tano. Muda wa kutoka maabara umo kwenye rejesta ya maabara na kwenye fomu iliyosindikiza mfuko. Muda wa kuanza umo kwenye fomu ya uangalizi ikiwa ilijazwa, la sivyo umo kwenye maelezo ya muuguzi ya zamu. Dawa ya homa iliyotolewa katikati ya damu imeandikwa kwenye karatasi ya dawa, na huko hakuna anayekumbuka kutafuta madhara ya damu. Maoni ya daktari yapo ukurasa mwingine kabisa, na aghalabu yameandikwa kesho yake asubuhi.

Kwa bahati nzuri, mama wa kijana alikuwa amehifadhi kila karatasi ndani ya bahasha ya kaki, hata zile za miaka iliyopita. Tulianza na uniti mbili za kwanza, tukaiita siku ile siku ya 0. Zote zilikuwa chembe nyekundu zilizotenganishwa. Ya kwanza ilitoka maabara saa 10:40, ikaanza 11:05, ikaisha 14:20. Uangalizi wake ulijazwa vizuri isipokuwa ule wa saa nne baada ya kumalizika. Ya pili ilitoka 15:10, ikaanza 15:30, ikaisha 19:00. Kuna vipimo vya mwanzo na vya mwisho, katikati hakuna kitu.

Hapo kwenye uniti ya pili ndipo nilipomshika mkono mwenzangu kijana. Alikuwa ameandika kwenye karatasi yetu "uangalizi wa kawaida". Nilimuuliza amelipata wapi neno hilo, akajibu kwamba hakuna tatizo lililoandikwa. Lakini kutoandikwa tatizo si sawa na kuandikwa kwamba tatizo halikuwepo. Tulilifuta tukaandika "haukuandikwa". Neno hilo lina faida yake: anayesoma baadaye anajua kwamba kwa saa tatu na nusu hatuna ushahidi wowote, si mzuri wala mbaya. Muhtasari unaojaza mapengo kwa neno "kawaida" ni hatari kuliko kutokuwa na muhtasari, maana mapengo yakishafunikwa hakuna atakayerudi kuyachimbua.

Siku ya 2 himoglobini ilikuwa 7.6, kijana akaruhusiwa. Kufikia hapo mambo yalikwenda kama yalivyotarajiwa.

Siku ya 9 alirudi amechoka, macho ya manjano, himoglobini 4.4. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha vimelea. Usiku ule alipewa uniti ya tatu na ya nne, safari hii damu kamili. Kesho yake asubuhi daktari aliandika kwamba mgonjwa alipata homa ya 38.6 kabla ya kuongezewa damu, na kwa hiyo atibiwe malaria kali. Akaanzishiwa sindano za artesunati.

Tulipoitafuta uniti ya tatu hatukuona fomu ya uangalizi iliyojazwa. Kulikuwa na maelezo ya muuguzi kwa mwandiko mzuri: "Damu imeanza saa 2. Joto 37.2. Chupa ya pili imeanza saa 6.45." Karatasi ya dawa ilionyesha parasetamoli, saa 21:10, sababu ikiwa homa ya 38.6.

Sasa "saa 2" ni saa ngapi? Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Fomu za hospitali zina 02:00, na wapo wanaoandika 2 wakimaanisha 14:00. Herufi zilezile zinaweza kuwa nyakati nne tofauti, na mwandishi alipokuwa akiandika hakuwa na shaka yoyote, kwa kuwa yeye alikuwa pale na giza lilikuwa limeingia. Daktari wa asubuhi aliisoma kuwa 02:00, na kwa usomaji huo homa ya 21:10 ilitangulia damu kwa karibu saa tano. Homa iliyotangulia damu haiwezi kusababishwa na damu hiyo, na hapa Kanda ya Ziwa jina la kwanza linalomjia kila mmoja wetu akisikia homa na manjano ni malaria. Simlaumu. Kwa karatasi alizokuwa nazo mkononi, huenda nami ningeandika vivyo hivyo.

Rejesta ya maabara ndiyo iliyotatua fumbo. Tulipiga simu, mtaalamu wa maabara akatusomea: mfuko wa tatu ulichukuliwa 19:35, wa nne 00:20. Basi "saa 2" haiwezi kuwa 14:00, kwa sababu mfuko ulikuwa bado kwenye jokofu. Ikiwa ni 02:00, mfuko ungekuwa umekaa nje kwa zaidi ya saa sita, na muuguzi angechukua mfuko wa nne wakati wa tatu bado haujaanza. Ikiwa ni saa mbili usiku, yaani 20:00, kila kitu kinakaa mahali pake: dakika 25 kutoka jokofuni hadi mshipani, na "saa 6.45" ni 00:45, dakika 25 nyingine baada ya mfuko wa nne kuchukuliwa.

Kwa hiyo homa haikutangulia damu. Ilijitokeza dakika 70 baada ya damu kuanza, joto likipanda kutoka 37.2 hadi 38.6. Kupanda kwa nyuzi 1 au zaidi na kufikia 38, damu ikiwa inaingia, huhesabiwa kuwa mmenyuko wa damu hadi sababu nyingine ithibitike. Kinachopaswa kufanyika ni kusimamisha damu, kuacha mshipa wazi kwa maji ya chumvi, kuhakiki jina na namba ya mfuko upya kitandani, kumwita daktari, na kurudisha mfuko maabara pamoja na sampuli mpya ya damu ya mgonjwa. Badala yake alipewa parasetamoli, damu ikaendelea. Muuguzi yule alikuwa peke yake na wodi nzima usiku ule. Hilo pia limo kwenye maelezo yake.

Muda wa kumalizika kwa uniti ya tatu haukuandikwa. Tuliweza tu kusema kwamba ilikoma kabla ya 00:45, na tuliandika hivyo, tukiongeza neno "imekisiwa". Kuhusu ya nne, maelezo ya asubuhi yalisema kanula iliziba na damu ikatolewa kabla ya kwisha. Barua ya rufaa iliposema "uniti 4" ilihesabu mifuko iliyotoka maabara, si damu iliyoingia mwilini. Karatasi yetu kwa muhtasari ilisomeka hivi:

Uniti ya 1, siku ya 0: imetoka 10:40, imeanza 11:05, imeisha 14:20. Uangalizi upo, isipokuwa wa saa nne baadaye. Madhara: hakuna yaliyoandikwa.

Uniti ya 2, siku ya 0: imetoka 15:10, imeanza 15:30, imeisha 19:00. Uangalizi wa katikati haukuandikwa. Madhara: hakuna yaliyoandikwa. Himoglobini: 4.9 kabla ya uniti hizi mbili, 7.6 siku ya 2.

Uniti ya 3, siku ya 9: imetoka 19:35, imeanza 20:00 (imeandikwa "saa 2"; imehakikiwa kwa rejesta ya maabara), imeisha kabla ya 00:45 (imekisiwa). Homa 38.6 dakika ya 70, parasetamoli, damu haikusimamishwa. Himoglobini kabla: 4.4.

Uniti ya 4, siku ya 10: imetoka 00:20, imeanza 00:45, imesimamishwa kanula ilipoziba, muda na kiasi kilichoingia havikuandikwa. Uangalizi haukuandikwa. Himoglobini siku ya 13: 3.9.

Angalia, msomaji, kwamba hatukuandika 20:00 peke yake. Tuliacha maneno ya muuguzi yalivyo, kisha tukaeleza tumeyasomaje na kwa ushahidi gani. Rejesta mbili zinapopingana, usichukue wastani wake, wala usichague ule unaokupendeza ukauficha mwingine. Andika zote mbili na uonyeshe kila moja imetoka wapi.

Karatasi ilipokamilika, homa ya uniti ya tatu haikuwa tena jambo kubwa kuliko yote. Macho yetu yalihamia kwenye safu ya himoglobini: 4.9, kisha 7.6, kisha 4.4 ndani ya wiki moja. Nilimuuliza mama kama jambo la namna hii limewahi kutokea. Alinitazama kwa mshangao kidogo.

"Daktari, huyu mwanangu ndivyo alivyo. Kila akiongezewa damu, ikifika wiki anakuwa njano. Nimekuwa nikisema."

Alitoa ndani ya bahasha kadi ya miaka mitatu nyuma. Uniti mbili, nyakati hazikuandikwa. Siku ya 11 alilazwa tena kwa "manjano", akatibiwa malaria na kuruhusiwa. Tukaongeza mistari hiyo miwili juu ya karatasi, nafasi za muda zikiwa tupu.

Maelezo yanayolingana na picha hii ni mmenyuko wa damu uliochelewa. Hospitali zetu nyingi, kabla ya kutoa damu, hulinganisha makundi ya ABO na Rh, kisha huchanganya damu ya mgonjwa na ya mchangiaji kuona kama zinapatana. Lakini chembe nyekundu zina alama nyingine nyingi ndogo juu yake. Mtu aliyeongezewa damu mara kadhaa, kama walivyo wagonjwa wengi wa seli mundu, anaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya alama mojawapo ambayo yeye hana. Miezi ikipita, kingamwili hizo hupungua hadi kipimo kisizione. Zile za kundi liitwalo Kidd ni mashuhuri kwa tabia hiyo. Damu inalinganishwa, inaonekana inapatana, inaingia salama, himoglobini inapanda. Kisha mwili unakumbuka. Kati ya siku ya 5 na ya 10 hivi, wakati mwingine hadi wiki ya nne, kingamwili hujaa tena na kuzivunja chembe zilizoongezwa, na rangi yake ndiyo inayotoka machoni na katika mkojo. Kwa baadhi ya wagonjwa wa seli mundu mambo huzidi hapo: hata chembe zao wenyewe huvunjika, na himoglobini hushuka chini ya ilivyokuwa kabla ya kuongezewa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, uniti nyingine inaweza kuchochea moto badala ya kuuzima.

Ndiyo maana niliomba saa moja. Fomu ya uniti mbili haikupelekwa maabara. Badala yake tulituma sampuli kwa ajili ya kipimo cha Coombs, kinachotafuta kingamwili zilizojibandika kwenye chembe nyekundu, na majibu yakaonyesha zipo. Ni alama ipi hasa iliyolengwa, hatukuweza kujua, kwa kuwa hilo lahitaji chembe maalumu za kupimia ambazo hatukuwa nazo. Nieleze pia kwamba karatasi yenyewe haithibitishi ugonjwa. Ilituambia tu swali gani la kuulizwa maabara. Na kipimo cha Coombs kingetoka bila kingamwili, bado nisingeharakisha damu, kwa sababu kwa wagonjwa hawa hutokea kipimo kisionyeshe kitu ilhali damu inaendelea kuvunjika.

Tulimpa prednisoloni kwa uangalifu, maana kwa mwenye seli mundu dawa hiyo inaweza kuleta maumivu makali, pamoja na asidi ya foliki, maji na oksijeni ya akiba kando ya kitanda. Sampuli zilichukuliwa kwa mirija midogo ili tusimpunguzie damu sisi wenyewe. Tulikubaliana kwamba akianza kushindwa kupumua au kuchanganyikiwa tutampa damu hata hivyo, polepole, mmoja wetu akiwa amekaa naye. Siku mbili zilizofuata zilikuwa ndefu. Himoglobini ilishuka hadi 3.6. Kisha 3.7. Siku ya sita ilikuwa 4.5, na alipotimiza wiki mbili kwetu ilikuwa 5.8, bila uniti hata moja. Kawaida yake, mama alituambia, ni kati ya 6 na 7.

Kwa mgonjwa anayesoma makala haya, au mzazi wake: ukiongezewa damu, omba uandikiwe kwenye kadi ni mifuko mingapi, tarehe gani, na himoglobini kabla na baada. Ndani ya wiki nne zinazofuata, macho yakiwa ya manjano, mkojo ukawa mweusi, uchovu ukarudi ghafla au homa ikaja, rudi na kadi hiyo, na useme kwa maneno kwamba uliongezewa damu. Useme hata kama huulizwi.

Kwa wauguzi wenzetu ombi langu ni dogo zaidi: andikeni saa za damu kwa tarakimu nne, 20:00 si saa 2. Wapo watakaoniona mkorofi. Nami nyumbani nasema saa mbili usiku kama kila mtu.

Tulipomruhusu kijana tulimpa nakala ya karatasi, na juu ya kadi yake tukaandika kwa wino mwekundu kwamba amewahi kupata mmenyuko uliochelewa, kwamba himoglobini yake ya kawaida ni 6 hadi 7, na kwamba kabla ya kumwongezea damu tupigiwe simu na sampuli itumwe mapema. Miezi mitatu baadaye simu ilipigwa kutoka kituo cha afya. Kijana amekuja na homa, himoglobini 5.2, macho yameanza kuwa ya manjano. Nilimuuliza tabibu kama ameongezewa damu mahali popote tangu atoke kwetu. Aliisoma karatasi, akamuuliza mama, akarudi kwenye simu: hapana, mstari wa mwisho ni uleule wa uniti ya nne. Basi tukamwomba apime malaria. Safari hii vimelea vilikuwepo, akatibiwa, na siku ya tano himoglobini ilikuwa 6.0.